Saa ya Nani? Ratiba ya Mpira Kutoka kwenye Picha Hadi Kalenda ya Simu



Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Desemba 2025, katika nyumba moja ya Al-Hail Kusini, kengele ya simu ililia saa nane u nusu. Bwana mwenye nyumba akaamka, akawaamsha wanawe wawili, akawasha televisheni na kukaa kuisubiri Taifa Stars. Siku hiyo Tanzania ilikuwa ianze safari yake ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Moroko, katika mji wa Fez, kwa kupambana na Nigeria. Wakasubiri, wakabadilisha stesheni moja baada ya nyingine, na mpira hawakuuona. Wakadhani umeahirishwa, wakalala.

Mpira haukuahirishwa. Ulichezwa usiku wa siku hiyo hiyo ya Jumanne, saa tatu u nusu kwa saa za Maskati, na Tanzania ikafungwa mabao 2 kwa 1. Wakati huo bwana yule alikuwa kazini. Siku nne kabla alikuwa amemwomba mwenzake wabadilishane zamu, yeye aachiwe usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, na kwa malipo yake ashike zamu ya Jumanne inayoanza saa nane mchana na kwisha saa nne usiku. Kwa hivyo zamu aliyoitoa ilikuwa ya usiku usiokuwa na mpira, na zamu aliyoipokea ndiyo iliyomkosesha mpira wenyewe. Habari hii tumeipata kwake mwenyewe, naye ameturuhusu kuisimulia maadamu jina lake halitajwi.

Tulipomwomba atuonyeshe alikoitoa saa ile, alitufungulia picha ya skrini aliyotumiwa na dada yake aliyeko Dar es Salaam. Ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa: tarehe 23/12, Nigeria na Tanzania, saa 2:30 usiku. Hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Kijana wake alichukua tarakimu zile kama zilivyo akazitia katika kalenda ya simu, 2:30, na simu ikafanya kama ilivyoamriwa. Tumeona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu picha za namna hii huingia katika simu zetu kila wiki, na makosa yaliyomo ndani yake si moja bali ni matatu yaliyofungamana.

Kosa la kwanza ni la kutojua picha inasema saa za nchi gani. Picha ya skrini ni kama barua iliyokatwa kichwa chake. Programu nyingi za matokeo ya mpira zilizomo katika simu hazionyeshi saa ya uwanjani, bali huonyesha saa ya simu ya mwenye kuitazama. Kwa hivyo mchezo ule ule wa Fez, ukipigwa picha siku moja na ndugu wanne, hutoa saa nne mbalimbali. Ndugu aliyeko Moroko ataona 18:30. Aliyeko London ataona 17:30. Aliyeko Dar es Salaam au Unguja ataona 20:30, na sisi hapa Al-Hail tutaona 21:30. Picha zote nne ni za kweli. Lakini zikishatumwa, zikapunguzwa pembeni ili zikae vizuri, na zikapelekwa kutoka kundi hadi kundi, hakuna tena ajuaye ilipigwa katika simu ya nani.

Njia tunayoitumia sisi kuitambua picha ni kutafuta ndani yake mchezo mmoja ambao saa yake tunaijua kwa yakini. Katika kombe lile la Moroko mchezo wa namna hiyo ulikuwa ule wa ufunguzi, Moroko na Visiwa vya Ngazija, uliochezwa Rabat tarehe 21 Desemba saa 20:00 kwa saa za huko. Jambo hilo lilitangazwa kila mahali na halikuwa na shaka. Basi ukiiona picha imeuandika ufunguzi kuwa 20:00, ratiba nzima ni ya saa za Moroko. Ikiwa imeandika 19:00, ni saa za Griniwichi, ambazo magazeti na idhaa nyingi za ulimwengu hupenda kuzitumia. Ikiwa 22:00, ni ya Afrika Mashariki, na ikiwa 23:00, mtu amekwishakufanyia kazi na ratiba ni ya kwetu. Mchezo mmoja unaufungua mlango wa ratiba yote. Picha ikiwa imekatwa mno hata mchezo wa kuipimia haumo, basi haifai kuingizwa popote mpaka aliyeituma aulizwe ameitoa wapi. Nasi tuseme wazi kwamba kumuuliza dada au shemeji swali hilo si utovu wa adabu.

Baada ya kuijua nchi, hesabu yenyewe ni nyepesi. Maskati imetangulia mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja, na mbele ya Griniwichi kwa saa nne. Omani haibadilishi saa zake mwaka mzima, wala nchi za Afrika Mashariki hazibadilishi, kwa hiyo baina yetu na nyumbani saa ni moja tu, kaskazi na kusi. Wanaotupa taabu ni wengine. London hulingana na Griniwichi wakati wa baridi tu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba husogea saa moja mbele, na hapo tofauti yetu nao hupungua kutoka nne hadi tatu.

Moroko ina jambo lake la peke yake ambalo Waislamu twapaswa kulijua kuliko wengine. Tangu mwaka 2018 nchi hiyo imeshika saa moja mbele ya Griniwichi kwa mwaka mzima, isipokuwa katika mwezi wa Ramadhani. Inapokaribia Ramadhani hurudisha saa nyuma, ikawa sawa na Griniwichi, na mwezi ukimalizika huzirejesha mbele. Kwa hivyo aliyekariri wakati wa Kombe la Mataifa kwamba Moroko iko nyuma yetu kwa saa tatu alikuwa sahihi mwezi wa Desemba, lakini ratiba ya mpira wa Moroko katika Ramadhani itamdanganya kwa saa nzima, maana wakati huo tofauti ni nne. Na kwa kuwa Ramadhani huhama, kosa hili nalo huhama kila mwaka, hata mtu hawezi kulizoea.

Tuje katika kosa la pili, nalo ndilo lililomwamsha ndugu yetu usiku wa manane. Waswahili tunahesabu saa zetu tangu kuchomoza na kuzama kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa moja ya mchana kuanza, na saa moja usiku ni saa moja ya usiku kuingia. Wazee wetu waliokuja hapa Omani hawakuliacha desturi hilo, na hadi leo katika mabaraza ya Al-Hail mtu akisema saa mbili usiku hakuna asiyemwelewa. Simu ndiyo isiyomwelewa. Hata ukiigeuza lugha yake iwe Kiswahili, kalenda yake huhesabu kutoka usiku wa manane. Ukiiandikia 2:30, yenyewe hufahamu saa nane u nusu ya usiku kwa hesabu yetu, na ndivyo ilivyofanya.

Kanuni ya kugeuza ni fupi. Ikiwa saa ya Kiswahili imeandikwa pamoja na neno asubuhi, mchana au jioni, ongeza sita, isipokuwa saa 12 asubuhi, ambayo ni 6:00. Saa 10 jioni inakuwa 16:00, na saa 11 jioni inakuwa 17:00. Ikiwa imeandikwa usiku, ongeza kumi na nane, na jumla ikifika 24 au kupita, toa 24. Saa 2:30 usiku inakuwa 20:30. Saa 4 usiku inakuwa 22:00. Saa 7 usiku inakuwa 25, ukitoa 24 inabaki 1:00, yaani umekwishaingia tarehe nyingine, na hapo ndipo pa kusimama na kufikiri, kama tutakavyoona.

Lakini kabla ya kugeuza lazima ujue kama picha inahesabu Kiswahili au inahesabu kizungu. Tarakimu iliyopita 12, kama 19:15, haina shaka, ni hesabu ya saa ishirini na nne. Iliyoandikwa PM au AM nayo haina shaka, ni ya kizungu. Iliyofuatwa na jioni au usiku huwa ya Kiswahili mara nyingi, tena hasa ikitoka Tanzania. Tunasema mara nyingi kwa sababu tumeona matangazo, khasa ya mijini na ya upande wa Kenya, yaliyoandikwa 7:00 usiku hali ya kuwa makusudio ni 19:00. Hapo akili ndiyo hakimu. Mpira wa ligi hauchezwi saa saba ya usiku wa Kiswahili wakati mji umelala, basi saa hiyo ikikutokea katika kalenda kwa mchezo wa nyumbani, jua kuwa imegeuzwa vibaya au haikugeuzwa kabisa. Lau kijana wa ndugu yetu angejiuliza ni nani atakayecheza mpira Afrika saa nane u nusu za usiku, zamu isingebadilishwa.

Tuongeze hapa neno moja kwa wanaopata ratiba zao kutoka katika magazeti na idhaa za hapa Omani. Picha hizo huandikwa mara nyingine kwa tarakimu za Kiarabu, ambamo tano ni duara na sifuri ni nukta. Watoto wetu waliosoma skuli za kizungu huliona lile duara wakalisoma sifuri, na saa 15 ikawa saa 10. Mzee mmoja wa Al-Hail Kaskazini alituambia kwa mzaha kwamba hapo ndipo wajukuu wanapomkumbuka babu.

Kosa la tatu ni la tarehe, nalo hujificha zaidi ya mengine. Tanzania, baada ya kufungwa na Nigeria, ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Uganda tarehe 27 Desemba, kisha sare nyingine kama hiyo na Tunisia tarehe 30 Desemba, bao letu likifungwa na Feisal Salum, mzaliwa wa Zanzibar. Kwa pointi hizo mbili ikaingia katika timu kumi na sita kwa mara ya kwanza katika tarehe yake, na ikapangiwa wenyeji, Moroko, tarehe 4 Januari 2026 saa 17:00 kwa saa za Rabat. Picha iliyozunguka iliandika 04/01/2026. Katika simu zilizowekwa lugha ya Kiingereza cha Amerika, ambako mwezi hutangulizwa mbele ya siku, tarakimu hizo husomeka kuwa Aprili mosi. Aliyeiachia simu yake inukuu maandishi kutoka kwenye picha na kuyatia katika kalenda bila ya kuyatazama alijikuta amengoja mchezo kwa miezi mitatu. Kwa hivyo sisi tunashika ada ya kuandika mwezi kwa jina lake. Tarehe 23 haiwezi kuwa mwezi, kwa hiyo haikosewi kwa namna hii. Tarehe za 1 hadi 12 ndizo za kuogopwa.

Upande mwingine wa tarehe ni ule wa mechi za mbali, ambazo zikigeuzwa saa hubadilisha na siku. Ratiba ya Kombe la Dunia la mwaka 2026 ni mfano mzuri. Siku ya kwanza, Alkhamisi tarehe 11 Juni, ilipangiwa michezo miwili katika nchi ya Meksiko, ambayo iko nyuma ya Griniwichi kwa saa sita, na kwa hivyo nyuma yetu kwa saa kumi. Wa kwanza, Meksiko na Afrika Kusini, ulipangwa saa 13:00 za mji wa Mexico City. Ongeza kumi, unapata 23:00 kwa Maskati, tarehe ile ile 11. Wa pili, wa Korea ya Kusini katika jiji la Guadalajara, ulipangwa saa 20:00 za huko. Ongeza kumi, unapata 30. Toa 24, inabaki 6:00, na ile 24 uliyoitoa ni siku nzima, kwa hivyo tarehe kwetu ni 12 Juni, Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Michezo miwili ya siku moja katika picha inakuwa ya siku mbili katika kalenda ya Al-Hail. Mwenye kubadilisha saa akaisahau tarehe atakuwa amewahi kwa siku nzima, na hilo ni baya kuliko kuchelewa dakika kumi.

Na hapa desturi yetu inaingia tena. Kwetu siku huanza Magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule usiku unaofuata mchana wa Alkhamisi. Kijana aliyekulia hapa akiambiwa na bibi yake kwamba mpira ni usiku wa Ijumaa huenda akaungoja mpaka Ijumaa yenyewe ipite na jua lizame. Katika kuandikiana tumeona neno lisilo na utata ni kuamkia, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa, kama wafanyavyo watangazaji.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe ya kuingiza. Watu wengi hugeuza saa kwa kichwa, kisha wakaandika jibu. Sisi tunashauri kinyume chake, yaani uandike saa kama ilivyo katika picha, na uiambie kalenda hiyo ni saa ya mji gani. Katika Google Calendar, unapofungua tukio jipya, ukilizima lile neno la siku nzima, utaona chini ya saa pahala palipoandikwa Time zone, au utapapata ukifungua More options. Ukipagusa, andika jina la mji. Kwa mchezo wa Fez mji wa kuandika ni Casablanca, kwa sababu ndio unaoiwakilisha Moroko katika orodha hiyo. Kwa mchezo wa ligi ya Tanzania andika Dar es Salaam, au Nairobi ikiwa haupatikani, maana saa zao ni moja. Kisha weka tarehe 23 Desemba, saa 18:30, na uhifadhi. Ukirudi katika kalenda yako utaukuta umekaa saa 21:30, bila ya wewe kuhesabu chochote.

Faida ya njia hii ni kwamba ukitaka kuhakiki, tarakimu zilizo katika kalenda ni zile zile zilizo katika picha, na hata mama wa nyumbani asiyependa hesabu aweza kuzilinganisha. Tena mji una kumbukumbu yake. Aliyechagua Casablanca hahitaji kukumbuka habari ya Ramadhani, kwa kuwa simu yenyewe inayo, ilimradi programu zake ni za karibuni. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni kwamba, ikiwa picha uliyonayo ni ya Dar es Salaam kama ile ya dada wa ndugu yetu, mji wa kuchagua ni Dar es Salaam na saa ni 20:30, ingawa mpira unachezwa Fez. Mji unaifuata picha, hauufuati uwanja. Tumewaona watu walioandika 20:30 kisha wakachagua Casablanca kwa kuwa mpira uko huko, na mchezo ukawaangukia saa 23:30, wakati waamuzi wamekwishapuliza kipenga cha mwisho.

Muda wa tukio uwekwe saa mbili, maana dakika 90, na mapumziko ya 15, na dakika za nyongeza, hukaribia hapo. Michezo ya mtoano iwekwe saa tatu, kwa kuwa huweza kuongezwa nusu saa na kufuatiwa na mikwaju ya penalti. Kwa aliye na zamu, ile saa ya tatu si ya kupuuzwa.

Ikiwa nyumba nyingi zinataka ratiba moja, haina haja kila mmoja kuandika. Kijana mmoja mwenye kompyuta aweza kuandika faili dogo la maandishi, akalipa jina linalomalizikia .ics, na wengine wakalifungua. Mchezo wa Fez huandikwa hivi:

```
BEGIN:VCALENDAR
VERSION:2.0
PRODID:-//Familia//Mechi//SW
BEGIN:VEVENT
UID:nigeria-tanzania-20251223@familia
DTSTAMP:20251220T080000Z
DTSTART:20251223T173000Z
DTEND:20251223T193000Z
SUMMARY:Nigeria - Tanzania, Fez
END:VEVENT
END:VCALENDAR
```

Mstari wa DTSTART una mwaka, mwezi na siku kwa mfululizo, kisha herufi T, kisha saa. Hapa saa ni 17:30 kwa sababu imeandikwa ya Griniwichi, na hilo ndilo linaloelezwa na herufi Z ya mwisho. Herufi hiyo moja ina uzito kuliko mstari mzima. Ikisahauliwa, saa inakuwa haina nchi, na kila simu itaisoma kuwa ni 17:30 ya pale ilipo. Simu ya Al-Hail itasema saa kumi na moja u nusu jioni, na ya Unguja itasema hivyo hivyo, na zote mbili zitakuwa zimekosea. Ukiwa na michezo kumi, sehemu inayoanzia BEGIN:VEVENT hadi END:VEVENT hurudiwa mara kumi, kila mmoja na UID yake. Simu za iPhone huweza kulifungua faili hili likiwa limetumwa. Wenye Google Calendar hulazimika kuliingiza kwa kompyuta, katika Settings, pahala paitwapo Import.

Kuhusu kuiachia simu isome picha yenyewe, tunaikubali kwa sharti. Simu za siku hizi hunukuu maandishi ya picha vizuri, lakini ratiba ni jedwali, na simu mara nyingi husoma safu nzima ya tarehe kwanza, kisha safu ya timu, kisha safu ya saa. Matokeo yake ni kwamba ikiwa mchezo mmoja umeandikwa bila ya saa, zote zilizo chini yake hupanda daraja moja, na kila timu ikapewa saa ya mwenzake. Dalili yake ni rahisi kuiona. Hesabu idadi ya tarehe, ya michezo na ya saa. Zikitofautiana hata kwa moja, futa yote uandike kwa mkono.

La mwisho ni kwamba picha haibadiliki, na ratiba hubadilika. Hakuna mfano unaopita ule wa Jumamosi tarehe 8 Mei 2021, ndani ya Ramadhani, pale Simba na Yanga walipopangiwa kukutana katika uwanja wa Benjamin Mkapa saa 11 jioni, yaani 17:00, ambayo kwetu ni 18:00. Siku hiyo hiyo ukatangazwa mchezo umesogezwa hadi saa 1 usiku, 19:00. Yanga hawakukubali. Wakafika uwanjani kwa saa ile ya kwanza, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa ya pili. Mpira haukuchezwa, na watazamaji wakarudi makwao. Ulikuja kuchezwa tarehe 3 Julai mwaka huo, Yanga wakashinda bao 1 kwa 0. Sisi tuliokuwa hapa tulikuwa na picha mbili katika simu, moja ikisema kwetu saa kumi na mbili jioni, tukiwa bado tumefunga, na nyingine ikisema saa mbili usiku baada ya futari. Waliokuwa wameandika ile ya kwanza, kisha wakaongeza ya pili pembeni yake bila ya kuifuta, walikuwa na michezo miwili katika kalenda na hawakuwa na hata mmoja katika televisheni.

Tangu hapo, mabadiliko yakija, tunafungua tukio lile lile la zamani tukalisahihisha, hatuandiki jipya. Na katika sehemu ya maelezo tunaandika maneno mawili matatu: picha imetoka kwa nani, imepokewa tarehe gani, na ni ya saa za wapi. Asubuhi ya siku ya mchezo mmoja wetu hutazama katika ukurasa wa shirikisho au wa klabu yenyewe kama saa imebaki pale pale. Ni kazi ya dakika mbili.

Ndugu yetu wa Al-Hail Kusini, baada ya kisa kile, aliandika mchezo wa Tunisia yeye mwenyewe. Akachukua picha ya dada yake iliyosema saa 1:00 usiku, akaongeza kumi na nane, akapata 19:00, akachagua mji wa Dar es Salaam, na simu ikamwonyesha 20:00. Akamtumia dada yake ujumbe kuuliza kama huko ni saa moja usiku kweli. Akajibiwa kuwa ndiyo. Jumanne ile waliswali Isha, wakala, na saa mbili kamili walikuwa wamekwishakaa.